Kupooza upande wa kulia: ni ateri ipi iliyoziba? Mwongozo wa kujibu maswali ya anatomia ya ubongo

Wadogo zangu wa udaktari hapa Bukavu, kila sesheni ikikaribia mnaniletea karatasi za maswali, na karibu zote zina swali la namna moja. Mgonjwa amepooza upande mmoja, ana dalili mbili tatu za ziada, na mnaulizwa ateri ipi imeziba. Wengi mmekariri majina ya ateri kutoka kwenye silabusi kwa mpangilio, lakini swali likibadilika kidogo mnapotea. Sababu ni kwamba mnaanza na ateri. Ateri ni jibu la mwisho. Kinachotangulia ni mahali: sehemu ipi ya ubongo imekufa? Ukishaipata sehemu, ateri inajitaja yenyewe.

Hapa nitamchukua mgonjwa mmoja aliyepooza kulia, tumtatue hadi mwisho, kisha tubadilishe dalili zake moja baada ya nyingine tuone jibu linavyohama.

Hatua ya kwanza: chora mifumo miwili ya damu

Kabla ya kusoma swali lolote, chora kwa kalamu kwenye karatasi ya rafu. Mbele ya shingo zinapanda karotidi mbili za ndani. Kila moja ikifika ndani ya fuvu inatoa kwanza ateri ya jicho, kisha inagawanyika kuwa ateri ya mbele ya ubongo na ateri ya katikati, ile ambayo maprofesa wetu huiita silviyeni. Nyuma ya shingo zinapanda ateri mbili za vetebra. Hizi huingia kwenye vitundu vya pembeni vya mifupa ya shingo kuanzia mfupa wa 6, zinapanda, zinaingia ndani ya fuvu, na zinaungana chini ya ponsi kuwa ateri moja, bazila. Bazila inapanda mbele ya ponsi, na ikifika ubongo wa kati inagawanyika kuwa ateri mbili za nyuma za ubongo.

Mifumo hii miwili imeunganishwa na duara ambalo Thomas Willis alilieleza mwaka 1664. Duara hilo lichore, lakini usilitegemee sana. Kwa watu wengi kipande kimoja ni chembamba mno au hakipo kabisa, na ndiyo maana karotidi ya mtu mmoja inaweza kuziba bila dalili yoyote, wakati kwa mwingine kuziba kulekule kunaua nusu ya ubongo.

Sasa andika pembeni ya mchoro: karotidi zinalisha sehemu kubwa ya ubongo mkubwa, yaani mbele na pande. Vetebra na bazila zinalisha shina la ubongo, ubongo mdogo, sehemu kubwa ya talamasi, na eneo la kuona lililo kisogoni. Mgawanyo huu mmoja utakutatulia nusu ya maswali.

Hatua ya pili: uliza maswali matatu kabla ya kutaja ateri

Swali la kwanza: je, dalili za kichwa na dalili za mwili ziko upande mmoja au zimepishana? Njia ya fahamu inayosukuma misuli hutoka kwenye gamba la ubongo, inashuka, na kuvuka upande wa pili chini kabisa ya bulbu, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Neva za fuvu, kwa upande wao, nyingi hutoka kwenye shina la ubongo kwa upande uleule. Kwa hiyo donda likiwa kwenye shina la ubongo upande wa kushoto, litaharibu neva ya fuvu ya kushoto na mwili wa kulia. Ukiona mpishano wa namna hiyo, achana na karotidi. Uko kwenye shina la ubongo, na ateri yako ni ya mfumo wa nyuma.

Swali la pili: je, kuna dalili ya gamba la ubongo? Dalili hizo ni kupoteza lugha, kutoona nusu ya uwanja wa kuona, au kupuuza kabisa upande mmoja wa dunia, kama mgonjwa anayekula nusu tu ya chakula kilichopo kwenye sahani. Zikiwepo, donda limefika kwenye gamba au karibu nalo sana. Zisipokuwepo hata moja, na kupooza ni kukubwa, anza kushuku ateri ndogo za ndani.

Swali la tatu: uso, mkono na mguu, kipi kimeumia zaidi? Kwenye gamba la ubongo uso na mkono vimekaa upande wa nje, na mguu umekaa ndani, kwenye uso unaotazamana na nusu ya pili ya ubongo. Ateri ya katikati inalisha nje. Ateri ya mbele inalisha ndani. Udhaifu wa uso na mkono kuliko mguu unakupeleka kwenye ateri ya katikati, na udhaifu wa mguu kuliko mkono unakupeleka kwenye ateri ya mbele.

Ukijibu maswali haya matatu kwa maandishi, hata kwa neno moja moja pembeni ya karatasi, hutaanza kubahatisha.

Hatua ya tatu: mtatue mgonjwa mmoja kikamilifu

Chukua swali hili. Mama wa miaka 64, anayetumia mkono wa kulia, anauza sambaza kwenye soko la Kadutu. Asubuhi, akiwa anampimia mteja, kopo linamdondoka mkononi. Wenzake wanaona mdomo wake umevutwa kushoto. Hospitalini mapigo ya moyo wake hayana mpangilio. Ukimwambia afumbe macho, anafumba. Ukimwambia aguse pua kwa mkono wa kushoto, anagusa. Lakini akiulizwa jina la mtoto wake anahangaika, anatoa neno moja kwa shida, na uso wake unaonyesha kwamba anajua alichotaka kusema. Mkono wa kulia hauinuki kitandani. Mguu wa kulia anauinua ingawa unatetemeka na kushuka. Akikunja paji la uso, mikunjo inatokea pande zote mbili. Macho yote mawili yamegeukia kushoto. Uwanja wa kuona uko salama pande zote. Ateri ipi?

Twende polepole. Mdomo umevutwa kushoto kwa sababu misuli ya kulia imelegea, na ya kushoto inauvuta peke yake. Hapa wengi wanakosea: wanaandika kwamba uso uliopooza ni wa kushoto kwa kuwa ndio unaoonekana umekunjamana. La hasha, uliopooza ni ule uliotulia, wa kulia. Paji la uso likiwa salama, donda liko juu ya kiini cha neva ya uso, kwa sababu sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo uso wa kulia, mkono wa kulia na mguu wa kulia vyote viko upande mmoja. Hakuna mpishano. Tumetoka kwenye shina la ubongo.

Je, kuna dalili ya gamba? Ipo. Anaelewa lakini hawezi kutoa maneno. Hiyo ni afazia ya Broca, na eneo la Broca liko upande wa nje wa tundu la mbele la ubongo, kushoto kwa karibu watu wote wanaotumia mkono wa kulia, na hata kwa wengi wa wanaotumia wa kushoto.

Macho nayo yanasema jambo. Kwenye tundu la mbele la kila upande kuna eneo linalosukuma macho yote mawili kuelekea upande wa pili. La kushoto likifa, la kulia linabaki peke yake na kuyasukuma macho kushoto. Ndiyo maana donda la ubongo mkubwa huyafanya macho yatazame donda lenyewe na kuugeuzia kisogo upande uliopooza. Shika hili vizuri, tutalirudia muda si mrefu kwa namna iliyopinduka.

Mwisho, mkono umeumia kuliko mguu. Ni eneo la nje. Sasa tunaweza kutaja: ateri ya katikati ya ubongo, upande wa kushoto.

Usiishie hapo, kwa sababu profesa makini ataweka kwenye majibu shina la ateri hiyo, tawi lake la juu na tawi lake la chini. Shina likiziba mwanzoni kabisa, kila kitu kinaharibika: vijiateri vya ndani vinakufa, kwa hiyo mguu unapooza sawa na mkono, lugha inaondoka yote, kuelewa na kusema, na nusu ya kulia ya uwanja wa kuona inapotea. Tawi la chini likiziba peke yake, mgonjwa hapoozi au hudhoofika kidogo tu, anaongea kwa haraka maneno yasiyo na maana, haelewi anachoambiwa, na mara nyingi haoni sehemu ya kulia. Mama wetu anaelewa, anaona, na mguu wake una nguvu kiasi. Jibu ni tawi la juu la ateri ya katikati ya kushoto.

Mapigo yasiyo na mpangilio hayakuwekwa kama pambo. Moyo unaotetemeka kwenye chumba chake cha juu huacha damu ituame na kuganda, na bonge linaloruka kutoka huko hupenda kufuata ateri ya katikati kwa kuwa ndiyo inayopokea damu nyingi zaidi kutoka karotidi. Tatizo lililoanza ghafla, likiwa kamili tangu dakika ya kwanza, na likigusa gamba, linakubaliana na bonge la namna hiyo.

Hatua ya nne: mbadilishe mama huyohuyo

Sasa tunamshika mama yuleyule wa Kadutu. Bado amepooza kulia, lakini tunabadilisha dalili nyingine.

Tuseme anaongea vizuri, anaelewa, anaona kote, macho yake yako katikati, lakini uso, mkono na mguu wa kulia vyote vimedhoofika kwa kiasi kilekile. Ana shinikizo la damu la miaka mingi na haendi kliniki. Nyuzi za kusukuma misuli, zinapotoka kwenye gamba, hutawanyika eneo kubwa, kisha hukusanyika na kupita kwenye njia nyembamba inayoitwa kapsuli ya ndani. Ni kama watu wa Ibanda, Kadutu na Bagira wanaotaka kwenda Rwanda: majumbani wako mbalimbali, lakini wote wanakutana kwenye daraja la Ruzizi, na likifungwa wote wanakwama pamoja. Donda dogo, lisilofika hata milimita 15, likikaa kwenye kapsuli linatosha kupooza nusu nzima ya mwili bila kugusa lugha wala macho. Ateri ni vijitawi vya ndani vinavyochipuka kutoka kwenye shina la ateri ya katikati ya kushoto. Vijitawi hivyo ni vyembamba, vinatoka kwenye ateri kubwa kwa pembe kali, na shinikizo kubwa hukaza kuta zao hadi zizibe.

Kuna mpaka hapa ambao lazima niuseme. Picha hii hii, kupooza kwa upande mmoja bila jambo jingine, inaweza pia kutokana na donda dogo la mbele ya ponsi, au na kuziba kwa ateri nyembamba ya karotidi inayolisha nyuma ya kapsuli. Kwa mwili peke yake huwezi kuzitenganisha daima. Kwenye mtihani, kama majibu yanataja vijitawi vya ateri ya katikati na hakuna dalili ya ponsi, chagua hivyo. Wodini utahitaji picha ya skana.

Tuseme sasa mkono una nguvu karibu zote, uso uko sawa, lakini mguu wa kulia, hasa wayo, hauna nguvu na hauhisi vizuri. Mkojo unampotea bila yeye kujali. Binti yake anasema mama amekuwa kimya, anakaa tu, haanzishi jambo. Hii ni ateri ya mbele ya kushoto. Eneo la mguu na eneo linalosaidia kushika mkojo yapo pamoja kwenye uso wa ndani wa ubongo, na ukimya ule unatokana na tundu la mbele lililo jirani. Usidanganyike na ukimya huo ukauita afazia. Mwenye afazia anahangaika kusema. Huyu hana haja ya kusema.

Tuseme uso, mkono na mguu wa kulia vimepooza, lakini kope la jicho la kushoto limeanguka, mboni yake ni pana na haibani kwa mwanga, na jicho limetazama nje na chini. Mpishano huo hapo. Jicho la kushoto, mwili wa kulia. Neva ya fuvu ya 3 hutoka kwenye ubongo wa kati na kupita jirani na nyuzi za kusukuma misuli. Donda moja dogo linazikata zote mbili. Weber alieleza picha hii mwaka 1863, na inaitwa kwa jina lake hadi leo. Ateri ni vijitawi vya ateri ya nyuma ya kushoto, karibu na pale bazila inapogawanyika.

Tuseme tena upande wa kulia umepooza, lakini macho yamegeukia kulia, yanatazama upande uliopooza, na hayawezi kuvuka kwenda kushoto. Hapa ndipo ile kanuni ya macho inapopinduka. Kituo cha ponsi cha kushoto husukuma macho kushoto. Kikifa, macho yanasogea kulia. Kwa hiyo macho yanayotazama donda ni ya ubongo mkubwa, na macho yanayokimbia donda na kutazama mkono uliopooza ni ya ponsi. Mara nyingi uso wa kushoto nao umelegea wote, pamoja na paji, kwa sababu kiini cha neva ya uso kipo hapohapo. Ateri ni vijitawi vya bazila, upande wa kushoto. Katika dalili zote nilizowahi kufundisha, hii ya macho ndiyo ninayoipenda zaidi: inachukua sekunde chache kuitazama na inakutoa kwenye mfumo mmoja wa damu hadi mwingine.

Tuseme mwisho kwamba mkono na mguu wa kulia vimepooza, uso uko salama kabisa, na akitoa ulimi unakwenda kushoto. Uso umesalimika kwa sababu donda liko chini ya kiini chake. Ulimi hugeukia upande wa msuli uliokufa, kwa kuwa msuli mzima unausukuma kuelekea huko. Ulimi kushoto, mwili kulia: bulbu ya kushoto, karibu na mstari wa katikati. Mkono na mguu wa kulia pia vitakuwa vimepoteza hisia ya mtetemo na ya mahali viungo vilipo, lakini maumivu na joto anavihisi. Ateri ni ile ya mbele ya uti wa mgongo au vijitawi vya vetebra ya kushoto.

Hatua ya tano: swali lisilo na kupooza

Mwanafunzi aliyezoea kupooza huanguka hapa. Mgonjwa anaamka na kizunguzungu kikali, anatapika, sauti imekauka, maji yanampalia akimeza. Ukimchoma kwa pini uso wa kushoto hahisi, na ukimchoma mkono na mguu wa kulia navyo havihisi. Kope la kushoto limeshuka kidogo na mboni ya kushoto ni ndogo kuliko ya kulia. Akitembea anaangukia kushoto. Nguvu za mikono na miguu yote ni kamili.

Ni pembeni ya bulbu ya kushoto, picha ambayo Adolf Wallenberg aliieleza mwaka 1895. Nyuzi za nguvu zimekaa katikati na mbele, kwa hiyo donda la pembeni linaziacha. Nyuzi za maumivu na joto za mwili zimeshavuka chini kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana zinazopita kushoto ni za upande wa kulia. Uso una njia yake, ambayo haijavuka bado. Tofautisha kope hili na lile la Weber: kule mboni ilikuwa pana, hapa ni ndogo.

Silabusi itakuambia ateri ni ile ya nyuma na chini ya ubongo mdogo. Jibu hilo ni sahihi kwa mtihani. Lakini kwa wagonjwa halisi, mara nyingi kilichoziba ni vetebra yenyewe, ambayo ndiyo mama wa ateri hiyo. Kwa hiyo kama majibu yana ateri ya ubongo mdogo peke yake, ichague. Kama yana vetebra peke yake, ichague bila woga. Na kama badala ya sauti iliyokauka mgonjwa ana sikio la kushoto lisilosikia na uso wa kushoto uliolegea wote, umepanda kidogo hadi ponsi, na ateri ni ile ya mbele na chini ya ubongo mdogo.

Hatua ya sita: hakikisha kabla ya kuandika

Rudi kwenye swali na upitie kila dalili. Je, ateri uliyochagua inaieleza? Dalili moja ikibaki nje, kwa kawaida jibu ndilo lenye kasoro. Mfano, ukiandika ateri ya mbele kwa mgonjwa mwenye mguu dhaifu, halafu swali linasema nusu ya uwanja wa kuona imepotea, rudi nyuma: ateri ya mbele haifiki kwenye njia ya kuona namna hiyo.

Angalia pia jicho moja na nusu ya uwanja wa kuona. Mtu aliyepofuka kwa dakika chache jicho la kushoto peke yake, kisha mkono wa kulia ukadhoofika, ana tatizo la karotidi ya kushoto, kwa kuwa ateri ya jicho hutoka kwenye karotidi yenyewe. Mtu asiyeona upande wa kulia kwa macho yote mawili ana donda nyuma ya pale njia za macho zinapokutana. Kabla ya kuchagua, jiulize mgonjwa alifunikwa jicho lipi wakati wa kupimwa.

Kisha tazama neno la kushoto au kulia kwenye jibu. Maprofesa huweka ateri ileile kwa pande zote mbili, na ni hapo alama zinapopotea baada ya kazi yote. Mimi huwaambia wanafunzi waandike kwanza upande wa donda kwenye rafu, kisha ndipo wasome majibu.

Na mkifika wodini mkumbuke kwamba kazi hii yote inakuambia mahali, haikuambii chanzo. Mshipa uliopasuka na kuvuja damu kwenye kapsuli unatoa kupooza kulekule kama mshipa ulioziba. Bila skana huwezi kuvitenganisha kwa uhakika, na dawa ya kuyeyusha bonge ikimpata mwenye kuvuja damu inaweza kumuua.

Malizia na swali hili, ulitatue mwenyewe kwanza kabla ya kusoma jibu. Mwalimu wa miaka 58 kutoka Bagira, anayetumia mkono wa kulia, anaamka na kugonga bega la kulia kwenye mlango. Nguvu zote zipo, anaongea vizuri. Ukimpa kalamu, anaandika sentensi nzuri kwa mwandiko wake wa siku zote. Ukimrudishia karatasi hiyohiyo baada ya dakika tano, hawezi kuisoma.

Hakuna kupooza, hakuna mpishano, kwa hiyo si shina la ubongo wala eneo la nguvu. Kugonga upande wa kulia kunaonyesha nusu ya kulia ya uwanja wa kuona imepotea, yaani kisogo cha kushoto. Anaandika kwa sababu maeneo ya lugha ya kushoto yako salama, yanalishwa na ateri ya katikati. Hasomi kwa sababu kisogo cha kushoto kimekufa, na cha kulia, ambacho bado kinaona herufi, hakiwezi kuzipeleka kwenye maeneo ya lugha: sehemu ya nyuma ya daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo imekufa pia. Vyote viwili vinalishwa na ateri ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto. Ukimpima kwa makini, huenda ukakuta katikati kabisa ya uwanja wa kulia bado anaona kidogo, kwa kuwa ncha ya kisogo hupokea pia damu kutoka ateri ya katikati.